Juisi ya karela juu ya dawa za sukari: mama alishuka hadi 2.4 usiku, na bado anataka kuendelea

#1 Kitindamimba

Wakuu habari. Andiko ni refu kidogo, nivumilieni, maana nikifupisha naweza kuacha kitu ambacho pengine ndicho chenye jibu.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi na kisukari aina ya pili mwaka wa kumi na moja sasa. Anameza metformini, pamoja na glibenklamidi ya miligramu 5, kidonge asubuhi na kidonge jioni. HbA1c yake ya mwisho, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ilikuwa 8.1. Asubuhi kabla hajala kitu mashine ilikuwa inasoma kati ya 9 na 10. Rafiki yake akamwambia aachane na mateso, anywe juisi ya karela: karela tatu mbichi, toa mbegu, saga kwenye blenda na maji kidogo, chuja, glasi moja kabla ya kula.

Siku sita za kwanza mashine ilisoma 9.8, 8.9, 8.1, 7.4, 6.6, 6.2. Nyumba nzima tulifurahi, na mimi ndiye niliyekuwa nasaga. Siku ya saba mama akaongeza glasi ya jioni. Tumbo likaanza kumsokota, akaharisha, na usiku akawa anakula vijiko viwili vitatu anasukuma sahani. Vidonge hakuacha hata kimoja, ni mtu wa kufuata masharti.

Usiku wa siku ya tisa, saa kumi alfajiri, nikasikia anaongea peke yake. Nikamkuta amelowa jasho, gauni la kulalia limemganda mwilini, ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki, na nikimwambia akae anacheka. Mashine ikasoma 2.4. Nikakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, nikamnywesha, zikapita kama dakika ishirini, ikasoma 5.3. Akanitambua, akalala. Nikashukuru Mungu nami nikalala.

Saa moja asubuhi namwamsha, haamki vizuri. Mashine: 2.9. Hapo nikamkimbiza hospitali, akawekewa dripu ya glukosi, wakamlaza mpaka kesho yake jioni.

Sasa maswali yangu. Kilichomwangusha ni juisi au ni vidonge? Na kwa nini alishuka mara ya pili wakati nilishampa sukari? Nauliza kwa sababu mama anasema, "Si umeona imeshuka? Basi inafanya kazi." Anataka aendelee na nusu glasi.

#2 KijaniKibichi

Pole sana kwa mama. Lakini wakuu tusiisingizie karela. Mimi nakunywa mwaka wa tatu, glasi kila asubuhi, na sijawahi kushuka chini ya 5. Karela ina insulini ya mimea ndani yake, hilo limeshachunguzwa na wanasayansi. Kilichomwangusha mama ni vidonge. Angeacha vidonge akabaki na juisi peke yake, asingefika 2.4. Kitu kilichoota ardhini hakiwezi kumdhuru mtu kama kemikali.

#3 Dirishani

Mimi ni mfamasia, nipo dirishani kila siku, na hadithi hii naijua hata kabla haijamalizwa.

Kitindamimba, umeuliza juisi au vidonge. Jibu ni vyote viwili, na cha tatu ni sahani iliyosukumwa. Glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini, na haiangalii kama umekula au hujala, wala kama sukari yako ni 12 au 5. Inakamua tu. Kwa miaka yote hiyo mama alikuwa amepata mizani: kiasi kile cha kidonge kwa kiasi kile cha chakula. Mkaongeza kitu kingine kinachovuta sukari upande uleule, kisha tumbo likavurugika akapunguza chakula. Kamba ikavutwa na watu watatu na upande wa pili hakuna aliyeshika.

Zitazame tena namba zako mwenyewe. Kutoka 9.8 hadi 6.2 kwa siku sita, vidonge vilevile. Ninyi mlisoma pale kwamba mnapona. Mimi ningesoma kwamba nafasi ya kushukia imebaki ndogo, na mtu aliye 6.2 akimeza kidonge kilichopangiwa mtu wa 10 lazima aanze kutazamwa kwa makini. Siku ileile ilipaswa kupigwa simu kliniki. Badala yake ikaongezwa glasi.

Kuhusu kushuka mara ya pili, naomba unijibu mambo mawili kwanza. Figo za mama zikoje? Na kabla ya kupima ile 5.3, ulimwosha kidole?

#4 Kitindamimba

Figo: mwaka jana waliandika "zimepungua nguvu kidogo", wakasema anywe maji na asimeze dawa za maumivu ovyo. Hatukulipa uzito.

Kidole: hapana. Tena nikikumbuka, alikuwa anatetemeka, maji ya sukari yakammwagikia viganjani, nikamfuta na kitambaa kikavu nikamtoboa. Kwa nini unauliza?

#5 Dirishani

Kwa sababu mashine inasoma chochote inachokutana nacho kwenye tone lile. Kidole chenye sukari, asali au maji ya tunda kinapandisha namba, wakati mwingine sana. Sisemi 5.3 ilikuwa ya uongo, maana mama alikutambua, na hiyo ni dalili nzuri kuliko namba. Ila inawezekana kabisa alikuwa kwenye 4 na kitu. Hatutajua. Siku nyingine maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe. Kama maji yako mbali, futa tone la kwanza upime la pili.

Sasa hizo figo. Glibenklamidi inavunjwavunjwa kwenye ini, lakini vipande vyake bado vina nguvu ya kushusha sukari, na sehemu kubwa ya kazi ya kuvitoa ni ya figo. Figo zikichoka vinabaki vinazunguka. Kwa hiyo vijiko vinne vya sukari vilimpandisha kwa saa moja hivi, vikaisha, na dawa ikiwa bado inakamua. Ndiyo ile 2.9 ya saa moja asubuhi. Ndiyo maana pia hospitali hawakumpa dripu wakamruhusu palepale. Kwa dawa za kundi hili mtu huangaliwa saa 24 au zaidi.

Ulichokifanya saa kumi kilikuwa sahihi, kilipungukiwa mwisho. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4 rudia. Ikishapanda, mpe chakula chenye wanga cha kukaa tumboni, kisha usilale. Pima tena baada ya saa moja, na tena. Na kwa mzee anayemeza glibenklamidi, aliyefika 2.4 mpaka akachanganyikiwa, mimi nisingesubiri asubuhi hata kama amepanda. Ningeondoka naye usiku uleule.

#6 Mtoto_wa_Mzee

Naomba niongeze la kwangu. Baba yangu yeye hatetemeki wala moyo haumwendi mbio akishuka. Anameza propranololi kwa sababu nyingine. Mara ya kwanza tulidhani amechoka tu, kumbe alikuwa 2.8. Hakuna kutetemeka, hakuna kulalamika njaa, amekaa kwenye kiti anatazama ukuta. Ni jasho tu, shingoni na mgongoni, na siku ile hakukuwa na joto.

Kaka yangu akakimbilia kumpa chokoleti. Tumengoja, tumengoja, haipandi. Muuguzi baadaye akatuambia mafuta ya chokoleti yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, tungempa sukari tupu au asali.

#7 Dirishani

Umesema kitu ambacho wengi hawakijui. Propranololi na ndugu zake zinaziba kengele ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, lakini jasho haliwezi kuzibwa. Ukimwona mzee wa dawa hizo amelowa bila sababu, chukua mashine kabla hujauliza swali lolote.

Na akiwa hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Si maji ya sukari, si asali. Kitakwenda kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu, piga simu ya dharura au mbebe mwende.

#8 KijaniKibichi

Dirishani nakuheshimu, lakini hujajibu habari yangu. Miaka mitatu nakunywa na sijashuka. Na insulini ya mimea ipo au haipo?

#9 Dirishani

Unameza dawa gani, mkuu?

#10 KijaniKibichi

Metformini peke yake, 500 mara mbili.

#11 Dirishani

Basi jibu lako umeliandika mwenyewe. Metformini haikamui kongosho. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi, na ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Wewe na mama wa Kitindamimba mmekunywa glasi ileile lakini mna vitu tofauti tumboni. Uzoefu wako ni wa kweli, ila ni wa mtu wa metformini. Usimpe mtu wa glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi au insulini.

Kuhusu insulini ya mimea: ipo protini kwenye karela inayofanana kazi na insulini, na majaribio yake ya zamani yalifanywa kwa kuidunga chini ya ngozi. Ukiinywa ni protini kama protini nyingine, tumbo linaimeng'enya. Ndiyo maana hata insulini ya hospitali hatukupi kwenye kikombe. Karela ina vitu vingine pia vinavyoshukiwa kushusha sukari, kwa hiyo sisemi haifanyi kitu. Nasema hatujui glasi moja inafanya kiasi gani. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio yaliyofaa kwa kisukari aina ya pili, wakapata manne tu, watu 479 kwa jumla, wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza.

Tatizo kubwa kwangu ni glasi yenyewe. Karela changa na iliyokomaa si sawa, aina moja na nyingine si sawa, ukichuja au usipochuja, mbegu zikibaki au zikitoka. Kidonge cha miligramu 5 leo ni 5 na kesho ni 5. Karela tatu za Jumatatu si karela tatu za Alhamisi. Daktari hawezi kupunguza kidonge ili kukipisha kitu ambacho hakina kipimo.

#12 Ua_Jeupe

Samahanini naingilia. Nimesoma juu kwamba inashusha haraka, siku sita tu. Mimi nina ujauzito wa wiki 26, nimeambiwa nina sukari ya mimba, na naogopa sana sindano za insulini. Naweza kutumia glasi moja kwa siku, bila vidonge vyovyote? Si mmesema ubaya ni kuchanganya na vidonge.

#13 Mkunga_Mstaafu

Hapana mwanangu. Usinywe. Wewe si habari ya kuchanganya, wewe ni habari ya mimba. Karela ina protini ambazo kwa panya wenye mimba zilizitoa mimba hizo, na katika tiba za kienyeji sehemu mbalimbali ilitumika kwa kazi hiyohiyo. Hakuna mtu aliyekaa akapima kiasi gani ni salama kwa mwanadamu mwenye mimba, na hakuna atakayefanya jaribio hilo kwako. Hata anayetafuta mimba aiache. Anayenyonyesha pia mimi namwambia aiache, kwa sababu hatujui kinachopita kwenye maziwa.

Insulini haivuki kwenda kwa mtoto kwa namna ya kumdhuru, ndiyo maana tunaichagua. Sindano yake ni fupi na nyembamba, wengi wanasema kutoboa kidole kunauma zaidi. Na si kila mwenye sukari ya mimba anaishia kwenye sindano, wengi wanadhibitiwa kwa mpangilio wa chakula na kutembea baada ya kula. Kesho nenda kliniki na daftari lako la vipimo.

#14 Ua_Jeupe

Asante mama. Nilikuwa nimeshaweka kwenye friji. Namwaga.

#15 Aina_ya_Kwanza

Mimi ni wa aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 14. Nimekaa kimya ila nimeona KijaniKibichi ameandika "angeacha vidonge akabaki na juisi". Mjomba wangu aliniambia hivyohivyo kuhusu insulini. Nilikuwa na miaka 19, nimechoka kujidunga, nikamsikiliza. Siku ya pili kiu isiyokatika, ya tatu natapika, napumua kama niliyekimbia, na mdomo unanuka kama matunda yaliyochacha. Nililazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Watu wakisikia karela wanaogopa kushuka tu. Kwetu sisi hatari ya kwanza ni kupanda, kwa sababu mtu anaiweka juisi kwenye nafasi ya sindano.

#16 KijaniKibichi

Pole ndugu yangu. Sikuwa nawazungumzia watu wa aina ya kwanza, na kweli sikufafanua. Kwa hilo nakubali. Lakini bado naamini kwangu inanisaidia, HbA1c yangu imetoka 7.6 hadi 6.9.

#17 Mtoto_wa_Mzee

Na katika miaka hiyo mitatu ulipungua uzito?

#18 KijaniKibichi

Kilo tisa. Najua unakoelekea 😄

#19 Kitindamimba

Nimemsomea mama yote haya. Ana hoja mbili. Kwanza, anasema basi aile karela kama mboga, iliyopikwa, pamoja na chakula. Pili, anauliza kwa nini daktari amemwondolea glibenklamidi moja kwa moja kama tatizo ni juisi. Amebaki na metformini tu, tena kwa kipimo kilichopunguzwa.

#20 Dirishani

La pili ni jepesi. Orodha ya dawa muhimu ya WHO inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60, na sababu ni hiihii iliyowapata. Mama ana 67 na figo zilizopungua. Metformini nayo hupunguzwa kwa figo hizo, kwa sababu nyingine. Hata bila karela kidonge kile kilikuwa kinasubiri siku atakayoharisha au kufunga. Juisi iliiharakisha siku hiyo. Daktari wenu amefanya ambacho ningetamani kingefanyika miaka saba iliyopita.

La mboga sina jibu la kukata. Kipande cha karela kwenye chakula si karela tatu zilizokamuliwa zikanywewa tumbo tupu, na kwa mtu wa metformini peke yake mimi sina hofu kubwa nacho. Lakini mwaka 1979 jarida la Lancet lilichapisha habari ya mgonjwa aliyekuwa anameza klopropamidi, dawa ya kundi la glibenklamidi, na karela aliyokula ilikuwa kwenye mchuzi, si kwenye glasi. Iliingiliana na dawa yake. Kwa hiyo siku akirudishiwa dawa ya kundi lile, au akianza insulini, mboga nayo itajwe kliniki.

#21 Mkunga_Mstaafu

Mimi kwa mama huyu ningesema hata mboga apumzike kwanza. Tumbo lake limeshaonyesha kwamba halipendi, na kuharisha kwa mtu wa figo dhaifu si jambo dogo. Tusikubaliane hapo, si lazima.

Na kuna wawili hawajatajwa. Mwenye upungufu wa G6PD, wale wanaokatazwa baadhi ya dawa za malaria kwa sababu damu yao inavunjika, akae mbali, hasa na mbegu, zina kitu cha jamii ileile iliyomo kwenye maharage ya faba yanayowaletea shida. Na watoto. Kuna taarifa za watoto walionyweshwa chai ya karela wakaingia kwenye degedege na kupoteza fahamu kwa sukari kushuka, na watoto hao hawakuwa na kisukari.

#22 Mwenye_Nyongo

Mimi nafanyiwa upasuaji wa nyongo mwezi ujao, sina kisukari, nakunywa kwa ajili ya ngozi. Inanihusu?

#23 Dirishani

Inakuhusu. Acha wiki mbili kabla. Utafunga kula usiku kucha na utakuwa usingizini, huwezi kumwambia mtu unatetemeka. Na mwambie daktari wa usingizi, hata kama umeshaacha.

#24 Kitindamimba

Narudi na habari, zimepita wiki tatu. Asubuhi mama anasoma 8 hadi 9 na kitu, daktari amesema kwa umri wake na kwa lililompata haoni haja ya kukimbilia 6, na HbA1c karibu na 8 anairidhia. Mama hajaridhia. Anasema alikuwa 6.2 kwa jasho lake mwenyewe na sisi tumemrudisha nyuma.

Juzi nimekuta blenda imeoshwa na imewekwa kwenye rafu isiyo yake. Nikamuuliza. Akasema alisaga nyanya. Nikanusa kifuniko. Leo nimeandika kwenye ukurasa wa mbele wa daftari lake la kliniki, kwa kalamu nyekundu, "KARELA, ANAWEZA KUWA ANAKUNYWA", ili kesho daktari alione kabla mama hajafungua mdomo.

#25 Dirishani

Vizuri. Andika na saa aliyokunywa, kama unaijua.